Kusoma multimita ya Bluetooth na oskiloskopu ndogo kwenye simu: kipimo cha betri ya gari injini inapowashwa

Kuna vipimo ambavyo waya zinafika lakini macho hayafiki. Unapotaka kujua volti za betri ya gari wakati stata inazungusha injini, betri iko chini ya boneti na swichi iko kando ya usukani, na mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili. Hapo ndipo multimita yenye Bluetooth inapopata kazi yake halisi: unaibana betrini, unaingia ndani ya gari, unasoma volti kwenye simu iliyo mkononi mwako. Nimechagua kipimo hiki kimoja nikifuate katika mwongozo wote kwa sababu kinaonyesha faida ya simu na pia mpaka wake. Baadhi ya mambo yanayotokea katika sekunde ile ya kuwasha ni ya haraka mno kwa multimita, na simu haiwezi kukuonyesha kitu ambacho mita yenyewe haikukiona. Kwa hayo tutahitaji oskiloskopu ndogo, kifaa kinachochora jinsi volti zinavyobadilika ndani ya sekunde hiyo.

Kabla ya kuanza, elewa kinachopita hewani. Multimita ya kawaida hupima, hupata wastani wa kipindi kifupi, huandika namba kwenye kioo chake, kisha hurudia tena, kwa kawaida mara mbili hadi nne kwa sekunde. Kinachotumwa kwa Bluetooth ni namba hiyohiyo iliyokwisha kuandikwa, pamoja na taarifa za mahali nukta ilipo na kizio kinachotumika. Simu ni kioo cha pili tu. Programu inaweza kuchora grafu nzuri yenye mstari laini, lakini mstari huo umeunganisha nukta tatu za kila sekunde, na kilichotokea kati ya nukta hizo hakijulikani.

## Kuiunganisha mita na simu

Hatua ya kwanza ni kuwasha Bluetooth ya mita, kwa maana kwenye mita nyingi haiwaki yenyewe. Tafuta kitufe chenye alama ya Bluetooth na ukibonyeze kwa sekunde mbili au tatu mpaka alama hiyo itokee kwenye kioo. Ikiwa inamulika, mita inajitangaza na inasubiri simu. Ikitulia, tayari imeshikwa na simu fulani.

Hatua ya pili ndiyo inayowapoteza wengi. Wanafungua mipangilio ya simu, wanaingia sehemu ya Bluetooth, wanaitafuta mita katika orodha kama wanavyotafuta spika, na wasipoiona wanahukumu kwamba mita ni mbovu. Mita nyingi za sasa hutumia Bluetooth ya nishati ndogo, ambayo huunganishwa ndani ya programu yenyewe na haihitaji kuoanishwa na simu kwanza. Iache mipangilio ya Bluetooth kama ilivyo, hakikisha tu kwamba Bluetooth ya simu imewashwa, kisha fungua programu ya mita na ubonyeze kitufe cha kutafuta. Mita za zamani zilizotumia Bluetooth ya kawaida ni kinyume: hizo lazima zioanishwe kwenye mipangilio, mara nyingi kwa namba ya siri 1234 au 0000, na kwa kawaida hazifanyi kazi na iPhone hata kidogo.

Hatua ya tatu ni ruhusa. Kuanzia Android 6 hadi 11, mfumo hauruhusu programu kutafuta vifaa vya Bluetooth ya nishati ndogo mpaka iwe na ruhusa ya mahali, na aghalabu huduma ya mahali yenyewe iwe imewashwa. Jambo hili huwatia watu shaka, kwani hawaoni uhusiano wa mita na ramani. Sababu ni kwamba vifaa vya Bluetooth vilivyokuzunguka vinaweza kutumika kukisia ulipo, ndiyo maana mfumo ukaliweka jambo hilo chini ya kufuli moja na mahali. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya pekee inayoitwa "Vifaa vilivyo karibu", na programu iliyoandikwa kwa kufuata utaratibu huo huomba hiyo tu. Ukiikataa ruhusa kwa bahati mbaya siku ya kwanza, programu itatafuta bila kupata kitu na bila kukuambia sababu. Ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo uirudishe kwa mkono.

Hatua ya nne, chagua mita kwenye orodha, na usishangae ikiwa jina linaloonekana silo lililoandikwa kwenye gamba. Mita za OWON za aina ya B35T, kwa mfano, hujitangaza kwa jina `BDM`. Kama uko mahali penye mita kadhaa, zima nyingine zote kwanza, ama sivyo utakaa ukitazama volti za kazi ya mwenzako.

Hatua ya tano ni kuthibitisha. Weka waya za kupimia kwenye kibetri kipya cha volti 1.5, utazame kioo cha mita na skrini ya simu kwa pamoja. Namba lazima zilingane hadi tarakimu ya mwisho, maana ni namba moja. Simu inaweza kuchelewa kidogo, lakini haipaswi kutofautiana. Kisha ondoa ncha moja na uhakikishe kuwa simu nayo inaona volti zimeondoka. Jaribio hili la kuondoa ncha ni muhimu kuliko lile la kulinganisha, na nitaeleza sababu yake hapo mbele.

## Mita inapokataa kuonekana

Ikiwa mita haionekani, jiulize kwanza kama simu nyingine imeishika. Mita nyingi huhudumia simu moja tu kwa wakati mmoja, na ikishashikwa huacha kujitangaza. Simu uliyoitumia jana, ikiwa mfukoni na programu yake bado inaendelea nyuma ya pazia, inatosha kuificha mita kabisa. Betri ya mita iliyochoka pia huleta tabia ya ajabu: mita hupima vizuri, lakini Bluetooth hukatika kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa kutuma mawimbi hunyonya umeme zaidi kuliko kupima.

Kama hayo yote ni sawa, kuna njia ya kujua tatizo liko upande gani. Sakinisha nRF Connect, programu ya bure ya kampuni ya Nordic Semiconductor inayoonyesha kila kifaa cha Bluetooth ya nishati ndogo kilicho karibu na data inayotoka humo. Bonyeza "Scan". Mita ikionekana hapa na isionekane kwenye programu yake, kasoro iko kwenye programu au ruhusa zake. Isipoonekana hata hapa, tatizo ni la mita au limetokana na simu nyingine kuishika.

Programu hii ina faida nyingine kwa mwenye udadisi: unaweza kuona ujumbe wenyewe kabla haujapambwa. Kwenye B35T+ unaunganisha, unafungua huduma yenye namba FFF0, halafu kwenye sehemu yenye namba FFF4 unabonyeza mishale ya kuomba taarifa. Baiti sita huanza kumiminika mara kadhaa kwa sekunde. Ncha zikiwa kwenye betri ya gari iliyopumzika, utaona kitu kama hiki:

```
22 F0 04 00 EE 04
```

Baiti hizi husomwa mbilimbili, na katika kila jozi ile ndogo hutangulia. Jozi ya mwisho kwa hiyo ni 04EE, namba ya msingi wa kumi na sita ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 1262. Mahali pa nukta pamefichwa kwenye baiti ya kwanza: 22 ikiandikwa kwa biti ni 0010 0010, na biti tatu za mwisho, 010, ni mbili, yaani tarakimu mbili baada ya nukta. Biti tatu zinazofuata, 100, ni nne, na nne humaanisha kizio kisicho na nyongeza ya mili wala kilo. Biti nne baada ya hizo ni sifuri zote, na sifuri ni volti za mkondo mnyoofu, yaani DC. Jibu ni volti 12.62. Ile 04 ya katikati inasema tu kwamba mita iko kwenye AUTO, yaani inajitafutia kiwango yenyewe. Hulazimiki kuyajua haya ili upime betri, lakini mtu akishaona baiti sita zikibeba namba moja haulizi tena kwa nini simu haionyeshi umbo la wimbi. Hakuna wimbi humo.

## Kipimo chenyewe kwa multimita

Hakikisha gari liko kwenye gia huru au kwenye P, na breki ya mkono imevutwa. Chagua volti za mkondo mnyoofu, kisha bonyeza kitufe cha "RANGE" mpaka maandishi ya AUTO yaondoke na mita ibaki kwenye kiwango kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, ambacho kwa mita ya namna hii hufikia takriban volti 60. Usiiache kwenye AUTO. Mita inayojitafutia kiwango hupoteza muda kila volti zinaporuka, na muda huo ndio unaouhitaji. Isitoshe, katika vipimo vidogo huweza kuhama kutoka volti kwenda milivolti katikati ya kumbukumbu, na ukija kufungua faili unakuta 0.498 ikifuatiwa na 498.2, kana kwamba kitu kimelipuka.

Waya nyekundu iwe kwenye tundu la volti, kamwe isiwe kwenye tundu la ampea. Mkondo wa stata ni wa mamia ya ampea, na tundu la ampea 10 la mita ni njia fupi kati ya ncha mbili za betri. Ukilitumia hapo utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na ukikosa bahati utaunguza zaidi ya fyuzi. Tumia vibanio badala ya ncha za kushika kwa mkono. Bana chekundu kwenye nguzo ya risasi ya chanya na cheusi kwenye nguzo ya hasi: nguzo yenyewe, si klemu inayoizunguka. Zipitishe waya mbali na mikanda na feni, uziegemeze upande usiozunguka kitu, kisha ilaze mita juu ya kitu kikavu huku kioo chake kikitazama juu. Banua na ubane kabla ya kuwasha au baada ya kuzima, si wakati injini inanguruma, kwa sababu betri ya risasi hutoa haidrojeni inapochajiwa na cheche ya kibanio inaweza kuiwasha.

Acha boneti wazi. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo bati huyazuia vizuri sana, na ukifunga boneti unakuwa umeifungia mita ndani ya sanduku la chuma. Boneti ikiwa imeinuliwa bado inasimama kati yako na mita, lakini mawimbi hupata njia pembeni na kupitia kioo, na umbali wa mita mbili hivi kwa kawaida hausumbui.

Sasa ingia ndani, fungua ukurasa wa grafu au wa kumbukumbu kwenye programu, weka muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kati ya kipimo na kipimo, anza kurekodi, subiri sekunde kumi ili upate mstari wa mapumziko, kisha washa gari na uiache injini ingurume kwa dakika moja. Simamisha kurekodi ndipo uzime injini.

Kwa gari lenye betri nzuri utapata kumbukumbu inayofanana na hii: volti 12.62 kwa mapumziko, 12.31 swichi inapofunguliwa na taa za dashibodi kuwaka; kisha namba mbili au tatu tu za wakati wa stata, tuseme 10.84, 10.37 na 11.92, halafu 14.1 na kuendelea pale alteneta inaposhika kazi. Ni taarifa nyingi tayari. Mapumziko ya 12.6 yanasema betri imejaa, na 14.1 inasema alteneta inachaji. Kwenye magari yenye alteneta inayoongozwa na kompyuta, volti za kuchaji huweza kupanda na kushuka kwa makusudi, kwa hiyo usilaumu alteneta kwa sababu ya namba moja ya chini.

Namba zisizoaminika ni zile tatu za katikati. 10.37 ni wastani wa kipindi cha robo ya sekunde au zaidi ambamo volti zilikuwa zikipanda na kushuka, na 11.92 yawezekana ilichukua nusu ya stata na nusu ya injini iliyokwisha kuwaka. Rudia kipimo mara tano, utapata namba tatu nyingine kila mara. Hapo mita haijakosea, umeiuliza swali lisilo la kimo chake.

## Namba iliyoganda

Hili limenigharimu mchana mzima. Nilikuwa ndani ya gari, simu ikionyesha 12.61 kabla ya kuwasha, na baada ya kuwasha ikaendelea kuonyesha 12.61. Nikaamini alteneta haichaji. Nilikuwa nimekwisha kulegeza mkanda nilipokitazama kioo cha mita kwa bahati na kuona imezimika. Ilijizima yenyewe kwa kuokoa betri, na programu, badala ya kufuta namba, ikaiacha ile ya mwisho ikiwa kubwa na nyeusi katikati ya skrini, na neno dogo la kijivu kwenye kona likisema muunganisho umekatika.

Namba hai haitulii. Tarakimu ya mwisho ya mita inayopima betri ya gari huchezacheza, hata kama ni kati ya 1 na 2, na injini ikiwa inazunguka huchezacheza zaidi. Tarakimu ambayo haijasogea kwa sekunde kumi ni ya kushukiwa. Grafu ni bora kuliko namba kwa kazi hii: mstari ukiacha kusonga mbele, data imekatika, mstari ukisonga huku umenyooka kama rula, angalia kama umebonyeza "HOLD", kitufe cha kugandisha namba, bila kukusudia. Ndiyo maana nilisema jaribio la kuondoa ncha ni muhimu. Linakuonyesha mapema jinsi programu yako inavyoonekana ikiwa hai, na ni vyema pia uizime mita mara moja kwa makusudi ili uone programu hiyohiyo inavyoonekana ikiwa mfu.

Kujizima kwenyewe huzuiwa kwenye mita nyingi kwa kushikilia kitufe fulani, mara nyingi "SELECT", huku ukizungusha swichi kuu kutoka OFF. Kitabu cha mita kitakutajia kitufe chenyewe. Upande wa simu, kuna adui mwingine: mfumo wa kuokoa betri huisimamisha programu skrini inapozimika. Kwa kumbukumbu ya dakika moja iache skrini iwake. Kwa kumbukumbu ya usiku mzima, ingia kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo na uiondolee vizuizi, kisha ujaribu kwa nusu saa kabla ya kuiamini kwa saa nane.

## Oskiloskopu ndogo: kuishika sekunde moja

Oskiloskopu ndogo ya Bluetooth hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa na multimita, ingawa kwenye simu huonekana kama ndugu zake. Kifaa kinachochukua sampuli milioni moja kwa sekunde kingehitaji kutuma angalau baiti milioni moja kila sekunde, na Bluetooth ya nishati ndogo haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo kifaa hujaza kumbukumbu yake ya ndani kwanza, kisha huituma kwa simu polepole. Unachokiona ni picha iliyopigwa. Hukioni kioo kinachotembea. Kumbukumbu hiyo ni ndogo, na ukubwa wake ndio unaoamua kila kitu. Chukua kifaa chenye nafasi ya sampuli 8192. Ukitaka picha ya sekunde mbili, sampuli hizo hugawanywa kwenye sekunde mbili, yaani 4096 kwa sekunde, na kati ya sampuli moja na nyingine kuna takriban milisekunde 0.24. Ile milioni moja iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana tu ukiridhika na picha ya milisekunde nane.

Kwa stata, sekunde mbili zinatosha na milisekunde 0.24 ni laini vya kutosha. Chagua kiwango cha volti kinachozidi 15 kwa nafasi nzuri, kwa mfano 20, na uchague mkondo mnyoofu, si ule unaoondoa volti za msingi. Ikiwa ncha yako ina swichi ya 1X na 10X, iweke kwenye 10X na uiambie programu hivyohivyo. Zikihitilafiana utaona betri ya volti 1.26 au 126, kosa ambalo ni rahisi kulitambua hapa lakini gumu kwenye saketi usiyoijua. Kibanio cha ardhi kiende kwenye nguzo ya hasi. Oskiloskopu inayotumia betri yake na Bluetooth haina waya wa kuiunganisha na umeme wa ukutani, na hiyo ni faida kubwa kuliko ile inayoning'inia kwenye kompyuta. Lakini jihadhari usidhani kwamba kibanio chake cha ardhi kinaweza kuwekwa popote. Ukikiweka penye umeme wa hatari, chuma chote kilichounganishwa nacho kinakuwa na umeme huo, na vifaa vidogo vya namna hii mara nyingi vina ukomo wa makumi ya volti tu.

Sehemu inayohitaji fikra ni "Trigger", yaani sharti la kukiamuru kifaa kianze kupiga picha. Weka mteremko wa kushuka. Kimo usikiweke kwenye volti 12.4, ingawa kinaonekana kuwa chini ya mapumziko, kwa sababu ukifungua swichi tu, taa na pampu ya mafuta zitazishusha volti hadi karibu 12.3, na picha yako itapigwa kabla stata haijaguswa. Volti 11.5 ni kimo kizuri: vifaa vya kawaida havizishushi volti za betri nzuri hadi hapo, na stata haikosi kupita hapo. Ikiwa programu inaruhusu kuhifadhi kipande cha kabla ya tukio, iweke asilimia 10. Chagua "Single", ingia ndani ya gari, washa. Usistaajabu simu ikikaa kimya kwa sekunde kadhaa baada ya injini kuwaka, picha inasafiri.

Ikija, utaona sehemu mbili ambazo multimita ilizichanganya. Ya kwanza ni shimo kali mwanzoni kabisa, ambapo volti huanguka, tuseme hadi 8.1, kisha hupanda tena ndani ya milisekunde chache au makumi machache. Hapo stata bado imesimama. Mota isiyozunguka haizalishi volti za kupinga, kwa hiyo mkondo unazuiwa na ukinzani wa waya na betri peke yake. Ya pili ni safu ya vilima: volti zinapanda na kushuka kati ya, tuseme, 10.0 na 10.9. Kila bonde ni silinda moja inayobana hewa na kuipa stata kazi ngumu. Injini ya silinda nne hubana mara mbili kwa kila mzunguko, na stata ikiizungusha mizunguko 200 kwa dakika, mabonde hutengana kwa milisekunde 150. Hesabu hii ifanye kwenye picha yako mwenyewe: pima umbali kati ya mabonde mawili na utaijua kasi ya stata bila kifaa kingine. Mabonde yasiyolingana, moja likiwa na kina kidogo kila baada ya matatu, yanaelekeza kwenye silinda isiyobana vizuri, ingawa hiyo ni dalili ya kufuatiliwa tu, haitoshi kuwa hukumu.

Mafundi hutumia volti 9.6 kama mpaka wa chini wa betri wakati wa kuzungusha, katika joto la nyuzi 20 hivi. Mpaka huo unahusu vilima. Shimo la mwanzo haliingii humo, na hapa ndipo oskiloskopu inapoweza kumdanganya mgeni, maana kabla ya kuwa nayo hakuwahi kuona 8.1 na sasa ameiona. Betri nzima kabisa inaweza kuonyesha shimo la namna hiyo. Linganisha shimo la leo na la gari hilohilo miezi sita baadaye, lakini usilipime kwa 9.6.

Ikiwa vilima navyo viko chini ya mpaka, rudia kipimo kwa badiliko moja tu kabla ya kuilaumu betri: hamisha kibanio chekundu kutoka kwenye nguzo ya risasi hadi kwenye klemu inayoizunguka, umbali usiofika sentimita mbili. Hifadhi picha zote mbili kwa majina yanayotaja mahali, `nguzo` na `klemu`, kwa sababu baada ya dakika kumi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ukikuta vilima vya nguzo vimesimama kwenye 10.3 na vya klemu kwenye 9.2, betri haina kosa: volti 1.1 zinapotelea kwenye uchafu ulio kati ya risasi na klemu. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kibanio cheusi kikihama nguzo kwenda klemu huku chekundu kimerudi kwenye nguzo yake. Kisha zima kila kitu, fungua klemu kwa kuanza na ya hasi, isugue kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, ikaze, na upige picha ya tatu.